Mshono, Vidole na Kifundo cha Mkono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kurusha Mpira wa Kriketi

Majibu yote yaliyo hapa yanamhusu mrushaji anayetumia mkono wa kulia akimrushia mpigaji wa mkono wa kulia. Kwa mrushaji huyo, upande wa ofu uko kushotoni kwake na upande wa legi uko kuliani kwake. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelekezo kama anavyoonekana kwenye kioo.

Kwa nini watu wawili wanaoushika mpira namna moja hupata matokeo tofauti?

Kwa sababu mshiko ni mwanzo tu wa kazi. Mpira ukishatoka mkononi hauna habari tena na jinsi ulivyoshikwa wakati wa kukimbia, bali unafuata mambo matatu yaliyoamuliwa katika lahaza ya mwisho: mshono umeelekea wapi, mpira unazunguka kwa mhimili gani, na unazunguka kwa nguvu kiasi gani. Mambo hayo yote huamuliwa na kifundo cha mkono pamoja na kidole kinachougusa mpira mwisho. Mshiko mzuri hurahisisha kazi ya kifundo, lakini kifundo kikilegea au kikigeuka pasipotakiwa, mshiko wa kitabuni hautakusaidia kitu. Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza ashikeje mpira, mimi humwomba kwanza anionyeshe anavyouachia.

Mshono una kazi gani hasa?

Mpira wa kriketi wa wanaume una uzito wa gramu 155.9 hadi 163, na mshono wake ni mistari 6 ya nyuzi iliyouzunguka mpira mzima kama mkanda, ikiwa imeinuka kidogo juu ya ngozi. Ukiupitisha ukucha juu yake utausikia ukikwaruza. Mwinuko huo mdogo hufanya kazi tatu: huvuruga hewa mpira unaposafiri, huuma ardhi mpira unapodunda, na huvipa vidole pa kukamatia wakati wa kuuzungusha.

Mipira haifanani. Ile ya Dukes, inayotumiwa Uingereza, hushonwa kwa mkono mistari yote 6 na mshono wake hukaa umeinuka kwa muda mrefu. Ile ya Kookaburra ya Australia ina mistari ya kando iliyoshonwa kwa mashine, na mshono wake hulala mapema zaidi. Mrushaji aliyezoea mmoja akipewa mwingine huenda akadhani mkono wake umeharibika, kumbe ni mpira tu.

Autswinga hushikwaje, na kifundo kikae vipi?

Autswinga ni mpira unaopinda hewani kuelekea upande wa ofu, yaani unaomkimbia mpigaji. Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mpira, kimoja kila upande wa mshono, vikiwa karibu kiasi cha kuweza kupitisha penseli kati yao. Kidole gumba kikae chini kabisa, kikiugusa mshono kwa ubavu wake. Kidole cha pete kikunjwe na kuuegemea mpira kwa kando bila kuukamata. Mpira usizame kiganjani. Ukiuinua mbele ya macho yako unatakiwa kuona mwanga kati yake na kiganja. Kisha uinamishe mshono kidogo kushoto, uelekee pale wanaposimama walinzi wa slipu, nyuma ya mpigaji upande wa ofu.

Baada ya hapo kazi ni ya kifundo. Wakati wa kuachia, kifundo kiwe nyuma ya mpira moja kwa moja, kiganja kikimtazama mpigaji na vidole vikifuata mwelekeo ule ule wa mshono. Vidole viwili viuvute mpira kwenda chini unapotoka, na viuache kwa pamoja. Mvuto huo huufanya mpira uzunguke kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaoushikilia mshono usiyumbe njiani, kwa namna ile ile ambayo pia la mtoto husimama wima maadamu linazunguka. Mrushaji asiyeupa mpira mzunguko huo anautupa mshono wake kwenye bahati nasibu.

Kwa nini mpira hupinda kuelekea mshono ulikoelekea?

Hewa iliyo karibu na ngozi ya mpira hujishikiza juu yake kama tabaka jembamba. Mshono ukiwa umeinama kushoto, hewa inayopita upande wa kushoto hujikwaa kwenye nyuzi na kuvurugika. Inaweza kuonekana ajabu, lakini hewa iliyovurugika hung'ang'ania mpira kwa muda mrefu zaidi kuliko hewa tulivu, kwa hiyo upande wa kulia, ulio laini, hewa hujiachia mapema na upande wa kushoto hujiachia baadaye. Mkia wa hewa nyuma ya mpira husukumwa upande mmoja, na mpira wenyewe husukumwa upande wa pili, yaani kushoto. Hii ndiyo sababu ya timu kung'arisha upande mmoja tu: upande unaong'aa huelekezwa kulia ili hewa ya huko ibaki tulivu, na upande uliochakaa huachwa uisaidie kazi ya mshono. Tangu 2020 Baraza la Kimataifa la Kriketi limepiga marufuku mate kwenye kazi hiyo, hivyo wachezaji wanategemea jasho.

Rabindra Mehta, mtaalamu wa mwendo wa hewa aliyechunguza sana jambo hili, ameeleza kwamba mpira hupinda vizuri zaidi mshono ukiwa umeinama kama nyuzi 20, na mwendo ukiwa karibu kilomita 108 kwa saa. Nyuzi 20 ni kidogo: ni kama dakika tatu na ushei kwenye uso wa saa ya ukutani. Vijana wengi huinamisha mara mbili ya hapo kisha wakalalamika kwamba mpira hauna kitu. Na ile kilomita 108 ni habari njema kwa mrushaji wa kasi ya kawaida, kwa kuwa haimtaki awe na mabega ya simba.

Nimeshika kama ilivyoelezwa, lakini mpira unakwenda moja kwa moja. Kosa liko wapi?

Nitaeleza kisa kimoja kwa ukamilifu, kwa kuwa karibu kila anayeuliza swali hili ana kasoro hiyo hiyo. Kijana mmoja wa miaka 17 alikuja mazoezini na mshiko usio na dosari. Alikuwa ana kasi ya kutosha, mpira ulikuwa karibu mpya, na bado katika mipira 12 hakuna hata mmoja uliopinda. Alikuwa ameshaambiwa na watu kadhaa aubane zaidi mpira, naye aliubana mpaka kucha zikawa nyeupe.

Tulichukua mpira wa zamani, tukaupaka nusu yake rangi nyeupe na nusu ya pili tukaiacha nyekundu, mpaka ukiwa mshono wenyewe. Mpira wa namna hiyo hausemi uongo. Ukitoka vizuri, rangi mbili hubaki zimetengana njia nzima, nyeupe kulia na nyekundu kushoto, na kati yake unaona mstari uliotulia. Ukitoka vibaya, rangi huchanganyika na mpira mzima huonekana kama waridi chafu. Wake ulikuwa waridi tangu hatua ya kwanza.

Niliweka simu nyuma yake kwa kimo cha bega, nikapiga picha za mwendo wa polepole. Alipofika juu kiganja kilikuwa kinamtazama mpigaji, lakini wakati wa kuachia kifundo kilianguka upande wa kushoto, kana kwamba anafungua kitasa, na kidole kimoja kikawahi kuuacha mpira kabla ya mwenzake. Kisa chake kilikuwa kidole gumba. Kwa kuubana mno, gumba lilikuwa limepanda kutoka chini ya mshono hadi ubavuni, na ili mpira uweze kutoka ikambidi ageuze kifundo.

Tulirudisha gumba chini, tukalegeza mshiko kiasi kwamba ningeweza kuuchomoa mpira kwa vidole vyangu viwili bila kushindana naye, kisha akapiga goti na kurusha kutoka mita 10, mkono tu, bila kukimbia. Hapo hakuna cha kujificha: mwili haushiriki, kwa hiyo kinachoonekana ni kifundo. Baadaye akasimama na kurusha kwa hatua nne, halafu kwa mbio zake kamili. Mara mbili alipoongeza kasi rangi zilichanganyika tena, tukarudi kwenye goti. Wiki ya tatu, katika mipira 12, alipata 4 iliyopinda kweli, na yote 4 ilikuwa imerushwa mbele, karibu na miguu ya mpigaji. Ile aliyoidundisha kwa ufupi haikupata hewa ya kutosha kabla ya kugusa chini, ingawa mshono wake ulikuwa safi. Jambo hilo nalo husahaulika: mpira unaodunda mapema umenyimwa nafasi ya kupinda.

Inswinga inatofautiana vipi?

Inswinga hupinda hewani kumwingia mpigaji. Mshono huinamishwa kulia, kuelekea mlinzi aliye nyuma ya mpigaji upande wa legi, na upande unaong'aa huhamia kushoto. Warushaji wengi hulaza gumba bapa chini ya mpira badala ya kuligusisha kwa ubavu, kwa kuwa hilo hukifunga kifundo kisianguke kushoto. Hatari yake ni kwamba mkono huwa na mazoea ya kupita wima sana, karibu na sikio, na mpigaji mwenye macho huutambua mpira kabla haujatoka.

Kupinda kinyume kunahitaji mshiko mwingine?

Hapana. Mshiko na kifundo ni vile vile. Kinachobadilika ni mpira, ambao umechakaa sana upande mmoja, na mwendo, ambao kwa kawaida unatakiwa uwe mkubwa. Katika hali hiyo hewa huvurugika pande zote mbili kabla ya kufika kwenye mshono, na mshono badala ya kuisaidia hewa ing'ang'anie huifanya ijiachie mapema, hivyo mpira huenda kinyume na mshono ulikoelekea. Ujuzi huu uliendelezwa Pakistan na Sarfraz Nawaz, kisha Imran Khan, Wasim Akram na Waqar Younis. Utajua umeanza pale autswinga yako safi inapomwingia mpigaji miguuni bila wewe kukusudia.

Mshono unaoyumba ni kitu gani, na je, si kosa lile lile la kijana wa miaka 17?

Swali hili ni zuri, kwa maana kwa macho vinakaribiana. Tofauti iko kwenye kipimo. Mpira wa kijana yule ulipinduka ovyo, mshono ukifika chini ukiwa popote. Mshono unaoyumba kwa makusudi hutikisika kidogo tu kushoto na kulia ya mstari wa wima, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa kwa upole. Kwa hiyo unapodunda, karibu kila mara ni mshono unaogusa ardhi, ila wakati mwingine ukiwa umelalia kushoto na wakati mwingine kulia. Mpira hukatia upande mmoja au wa pili, na mrushaji mwenyewe hajui ni upi.

Kuupata, tandaza vidole viwili mbali kidogo na mshono kuliko kwenye autswinga, na ulegeze kifundo kiasi unapoachia, huku kiganja kikibaki nyuma ya mpira. James Anderson wa Uingereza amesimulia kwamba alijifunza mpira huu baada ya kumtazama Mohammad Asif wa Pakistan mwaka 2010. Anderson alistaafu mechi za kimataifa 2024 akiwa na wiketi 704, yaani wapigaji aliowatoa, katika mechi za Testi, zile za siku tano. Nasisitiza kwamba alikuwa ameshamudu mshono uliotulia. Asiyeweza kuutuliza mshono hauyumbishi, unamyumba wenyewe.

Na mipira ya kukata kwa vidole?

Hiyo ni ndugu wa spini, yaani mpira unaozungushwa ili ukate baada ya kudunda, ila hurushwa kwa kasi. Kwa kukatia ndani, kidole cha shahada hushuka ubavu wa kulia wa mpira wakati wa kuachia. Kwa kukatia nje, kidole cha kati hushuka ubavu wa kushoto. Mkono uje kwa kasi ya kawaida, maana mpira wenyewe hupungua mwendo kwa sababu nguvu imetumika kuuzungusha.

Spini ya kidole na spini ya kifundo zinatofautianaje?

Katika ofu-breki, ambayo ni spini ya kidole, kidole cha shahada na cha kati hutandazwa juu ya mshono uliolala kwa mkingamo, na kiungo cha kidole cha shahada kikiwa kimeukaba. Wakati wa kuachia mkono huzunguka kulia, kama mtu anayegeuza kitasa cha mlango, na kidole cha shahada huusukuma mpira uzunguke. Ukidunda hutoka ofu kuelekea legi. Mzunguko wake ni mdogo kuliko wa kifundo, lakini ni rahisi kuutawala, na utawala huo una thamani yake. Frank Nsubuga wa Uganda, mrushaji wa ofu-breki aliyekuwa na umri wa miaka 43, aliwarushia Papua New Guinea ova 4, yaani mipira 24, kwenye Kombe la Dunia la Tii-Twenti mwezi Juni 2024 akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2.

Katika legi-breki kifundo chenyewe ndicho injini. Kidole cha shahada na cha kati hukaa juu ya mshono kwa mkingamo, cha pete hukunjwa na kuukaba mshono kwa ubavu, na gumba hukaa tu bila kazi kubwa. Kifundo hukunjwa kuelekea ndani kabla ya kurusha, kisha hufyatuka wakati wa kuachia, na kidole cha pete hutoa msukumo wa mwisho. Mpira hutoka legi kwenda ofu. Collins Obuya alipochukua wiketi 5 kwa mikimbio 24 dhidi ya Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana, tarehe 24 Februari 2003, silaha yake ilikuwa hiyo, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53.

Je, gugli ina mshiko wake?

Haina, na hapa ndipo utakapoona kwamba kifundo ni bwana wa mshiko. Shika mpira kwa legi-breki, usibadilishe kidole hata kimoja. Kifundo kikiachia huku mpigaji akiona zaidi kiganja chako, mshono huzunguka kuelekea slipu na mpira hutoka nje. Ukikigeuza zaidi, mpigaji akaona ubavu wa mkono ulio upande wa kidole kidogo, mpira huzunguka moja kwa moja mbele. Haupindi, ila hushuka ghafla na kuruka juu kuliko alivyotarajia. Ukikigeuza zaidi tena, mpaka aone mgongo wa mkono, mzunguko huelekea legi na mpira humwingia. Hiyo ndiyo gugli, aliyoibuni Bernard Bosanquet wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 akiwa anacheza mchezo wa kurushiana mpira wa tenisi juu ya meza.

Mpigaji huitambua kwa mgongo wa mkono, na pia kwa sababu mara nyingi hutoka juu zaidi kuliko legi-breki.

Ni kwa nini mpira wa Shane Warne kwa Mike Gatting bado unazungumzwa?

Tarehe 4 Juni 1993, uwanja wa Old Trafford, Warne, mrushaji wa legi-breki wa Australia, alimrushia Gatting wa Uingereza mpira wake wa kwanza wa Ashes, mashindano ya Testi kati ya nchi hizo mbili. Watu hukumbuka jinsi ulivyokata baada ya kudunda, lakini nusu ya kazi ilifanyika hewani. Mpira ulianza ukiwa kwenye mstari wa vijiti. Kwa kuwa kifundo kilikuwa kimeupa mzunguko mkali sana, hewa iliusukuma kulia, kuelekea legi, ukiwa karibu kufika. Gatting akausogezea mguu na gongo kuufuata huko, akijua kwamba mpira unaodunda nje ya kijiti cha legi hauwezi kumtoa kwa mguu mbele ya wiketi. Ulipodunda mshono uliuma ardhi, ukarudi kushoto ukapita gongo na pedi, ukagusa juu ya kijiti cha ofu. Mzunguko ule ule mmoja ulifanya mambo mawili yanayopingana: uliupeleka mpira kulia hewani, na ukaurudisha kushoto chini. Mrushaji wa spini ambaye mpira wake hautelezi hewani hata kidogo ajichunguze kama kweli anauzungusha, au anauviringisha tu.

Tunachezea zulia lililotandikwa juu ya saruji. Nibadilishe nini?

Kwenye zulia mpira huruka juu zaidi na spini hushika vizuri, lakini mshono wa mrushaji wa kasi haupati ardhi laini ya kuuma. Anayetegemea kukata kwa mshono arushe mbele zaidi na atafute kupinda hewani. Mrushaji wa legi-breki naye asidanganyike na jinsi mpira unavyokata kwa urahisi. Zulia humsamehe kifundo kilegevu, na atakapohamia kwenye pichi ya udongo atashangaa kuuona mpira ukinyooka. Zulia huuchakaza mpira haraka pia, kwa hiyo ule wa rangi mbili uwekeni kwa mazoezi ya hewani tu, mtu akimrushia mwenzake na mpira haugusi chini.

Kifundo kinaruhusiwa kufanya lolote?

Kifundo, ndiyo, kiwiko, hapana. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kiwiko kunyooka kwa nyuzi zisizozidi 15 tangu mkono ufike kimo cha bega mpaka mpira utoke. Warushaji wa ofu-breki wanaojaribu dusra, ule mpira wa Saqlain Mushtaq unaotoka nje badala ya kuingia, ndio wanaonaswa zaidi, kwa kuwa kugeuza mgongo wa mkono ukiwa na mshiko wa ofu-breki hukivuta kiwiko kikunjwe. Ukitaka kujipima, mwambie mwenzako apige picha za polepole kutoka ubavuni, si kutoka nyuma, maana kwa nyuma mkono uliokunjwa unaweza kuonekana umenyooka.